Potomita: namna ya kuripoti vipimo, na kwa nini maji yanayofyonzwa hayalingani kabisa na yanayopotea

"Kasi ya transpiresheni ilikuwa mm 42." Sentensi hii, au ndugu yake, nimeisoma kwenye ripoti za maabara mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ni fupi, lakini imebeba makosa matatu. Haina muda, kwa hiyo si kasi. Milimita 42 ni umbali ambao kiputo cha hewa kilitembea ndani ya mrija, si kiasi cha maji. Na kosa la tatu ndilo zito: potomita haikupima transpiresheni. Ilipima maji yaliyoingia kwenye tawi. Transpiresheni ni maji yanayotoka kwenye majani kama mvuke, na hayo hakuna aliyeyaona.

Mwongozo huu unafuata njia moja, kutoka kwenye kiputo hadi kwenye maji yaliyofyonzwa, na kutoka hapo hadi kwenye maji yaliyopotea. Kati ya hatua hizo kuna madaraja mawili, na kila moja lina mahali pake pa kuvunjika. Ripoti nzuri humwambia msomaji ni daraja lipi limevukwa kwa kupima na lipi limevukwa kwa kukisia.

Kufunga kifaa

Potomita ya kiputo ina tawi lililokazwa kwenye kizibo cha mpira, chombo kilichojaa maji, mrija mwembamba wa kioo wenye skeli ya milimita ambao ncha yake imezama kwenye bika, na tangi dogo au sirinji yenye koki ya kurudisha kiputo nyuma. Kanuni yake ni kwamba hakuna hewa inayoingia popote isipokuwa kile kiputo kimoja ulichokiruhusu mwenyewe.

Kata tawi chini ya maji, kwa mshazari, ukitumia wembe mkali. Maji ndani ya zailemu, yaani mirija inayopandisha maji kwenye mmea, huwa yamevutwa kama uzi uliokazwa, kwa hiyo ukikata hewani uzi huo unakatika na kurudi ndani, na hewa inaufuata. Tawi lenye hewa kwenye zailemu halitanyonya vizuri hata ulifanyie nini. Ingiza tawi kwenye kizibo na kizibo kwenye chombo hukohuko chini ya maji, ndipo utoe kifaa chote nje. Paka vaselini kwenye maungio, lakini isiguse majani wala sehemu iliyokatwa. Kausha majani taratibu kwa karatasi laini, maana jani lililolowa limezungukwa na unyevu wake lenyewe na namba za mwanzo zitakuwa ndogo bila sababu.

Sasa subiri. Dakika 20 hadi 30 katika hali ya kwanza utakayopima, bila kuandika chochote. Tawi limeshikwashikwa, limekatwa, limezamishwa, na seli zake bado zinajaza maji. Wanafunzi wengi huziona dakika hizi kuwa za kupoteza, lakini zikirukwa zitaonekana baadaye kwenye jedwali.

Kuingiza kiputo ni rahisi: inua ncha ya mrija kutoka kwenye bika, subiri hewa kidogo iingie, gusa ncha kwa karatasi ya kunyonya maji ikichelewa, kisha irudishe majini. Soma kila mara ukingo uleule wa kiputo, jicho likiwa sawa na skeli. Kiputo kikikaribia mwisho, fungua koki polepole kukirudisha, halafu uifunge kabisa. Koki isiyofungwa vizuri inalilisha tawi kwa mlango wa nyuma, na kiputo kinasimama huku mmea ukiendelea kunywa.

Daraja la kwanza: je, kiputo kinaonyesha maji yaliyofyonzwa?

Kiputo kinaweza kusogea bila mmea kunywa hata tone. Uvujaji ni sababu moja, na huu unajulikana kirahisi: vijiputo vidogo vinajikusanya chini ya kizibo, au kiputo kinapunguza mwendo kila kipimo ingawa hakuna kilichobadilika.

Sababu ya pili ni ya hila zaidi, nayo ni joto. Maji ya takriban 25 °C yakipata joto la nyuzi 1 zaidi, ujazo wake huongezeka kwa karibu 0.00025 ya ujazo wa awali. Inaonekana si kitu. Lakini chukua potomita yenye mililita 50 za maji: ongezeko ni mililita 0.0125, yaani mm³ 12.5. Katika mrija wenye kipenyo cha ndani cha mm 1, ujazo huo ni kama milimita 16 za mrija. Nyuzi 1 tu ya joto inakirudisha kiputo nyuma milimita 16, na nyuzi 1 ya kupoa inakivuta mbele milimita 16, hata kama badala ya tawi umeweka kijiti cha kioo.

Hili lilinipata mapema katika kufundisha. Kundi moja lilipima tawi chini ya taa ya balbu ya zamani, ile inayochoma mkono, halafu wakazima taa wapime gizani. Kiputo kilikimbia. Walishangilia kwamba wamegundua mmea unaokunywa zaidi usiku, na mimi nilihangaika nikitafuta maelezo ya kibayolojia kwa karibu nusu saa kabla ya kugusa chombo na kukuta kinapoa. Tawi halikuwa na habari yoyote.

Kwa hiyo tumia taa isiyotoa joto jingi, au weka chombo bapa cha kioo chenye maji kati ya taa na tawi ili kizuie joto. Ning'iniza kipimajoto karibu na kifaa na uandike halijoto kila unaposoma skeli. Kisha fanya jaribio la ulinganisho: toa tawi, weka kijiti cha kioo chenye unene uleule, na upitie hali zote kwa mpangilio uleule. Kiputo kikisogea, mwendo huo si wa mmea. Ukiwa mdogo na unarudiarudia vilevile, utoe kwenye vipimo na uandike kwamba umeutoa. Ukiwa mkubwa, rekebisha kifaa kwanza.

Kugeuza umbali kuwa ujazo kunahitaji kipenyo cha ndani cha mrija. Ujazo ni

```
V = π × r² × L
```

ambapo r ni nusu ya kipenyo na L ni umbali wa kiputo. Kwa mrija wa mm 1, kila milimita ni mm³ 0.785. Usikiamini kipenyo kilichoandikwa kwenye boksi. Kwa kuwa r inazidishwa kwa yenyewe, mrija wa mm 0.9 ukidhaniwa ni wa mm 1 utakupa ujazo mkubwa kuliko uliopo kwa karibu robo. Ukaguzi wake ni wa dakika 2: ukiwa na kijiti cha kioo mahali pa tawi, vuta mililita 0.1 kwa sirinji ndogo na utazame kiputo kimekwenda wapi. Mililita 0.1 ni mm³ 100, na katika mrija wa mm 1 kiputo kinapaswa kutembea kama milimita 127.

Mpangilio wa hali

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na tumia tawi lilelile kwa hali zote. Mimi hupendelea mpangilio huu: kwanza hewa tulivu yenye mwanga, kisha feni, kisha mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga ili kuongeza unyevu hewani, kisha kurudi kwenye hewa tulivu, na giza mwisho. Giza ni la mwisho kwa sababu stomata, yaani vitundu vya jani vinavyopitisha mvuke, zikishafungwa huchukua muda kufunguka tena, na hali inayofuata ingelipa deni hilo. Kati ya hali na hali, subiri angalau dakika 15.

Kurudi kwenye hewa tulivu ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayokuambia kama tawi bado ni lilelile. Kipimo cha pili kikiwa karibu na cha kwanza, tofauti za katikati zinaaminika. Kikiwa kimeshuka kwa kiasi kikubwa, tawi linachoka au hewa imeingia kwenye zailemu. Hapo kata sentimita 1 ya mwisho chini ya maji na uanze upya.

Tahadhari mbili. Mfuko mweusi wa plastiki si giza tu. Ni giza pamoja na unyevu, na hutajua kipi kimefanya nini. Zima taa na ufunike madirisha badala yake. Feni nayo isielekezwe kwa nguvu kutoka karibu. Upepo wa wastani huondoa tabaka la hewa yenye unyevu juu ya jani, lakini upepo mkali unaweza kulinyausha jani, stomata zikafunga, na kiputo kikapunguza mwendo. Andika umbali wa feni na kasi uliyoichagua.

Mfano wenye namba

Tuchukue tawi la majani 5, mrija wa mm 1, na usomaji wa kila dakika 5. Majani yanachorwa kwenye karatasi ya miraba baada ya jaribio, na kila mraba uliofunikwa zaidi ya nusu unahesabiwa. Tuseme tumepata cm² 120 kwa upande mmoja wa majani. Maneno "upande mmoja" lazima yaandikwe, kwa sababu anayehesabu pande zote mbili atapata kasi ya nusu yako kutoka kwenye tawi hilohilo.

| Hali | Umbali kwa dakika 5 (mm) | Wastani (mm) | mm³ kwa dakika | mm³ kwa dakika kwa cm² |
|---|---|---|---|---|
| Hewa tulivu, mwanga | 41, 43, 42 | 42.0 | 6.6 | 0.055 |
| Feni | 71, 74, 72 | 72.3 | 11.4 | 0.095 |
| Mfuko unaopitisha mwanga | 14, 13, 15 | 14.0 | 2.2 | 0.018 |
| Hewa tulivu, mara ya pili | 40, 41, 41 | 40.7 | 6.4 | 0.053 |
| Giza | (24, 17) 13, 12, 13 | 12.7 | 2.0 | 0.017 |

Hesabu ya mstari wa kwanza: milimita 42 kugawanya kwa dakika 5 ni 8.4, zidisha kwa 0.785 upate mm³ 6.6 kwa dakika. Gawanya kwa 120 upate 0.055. Usiandike 0.05497787. Jicho linasoma skeli kwa nusu milimita hivi, na namba ndefu haiongezi uhakika ambao jicho halikuwa nao.

Tazama mstari wa giza. Vipimo viwili vya kwanza viko kwenye mabano: vimeandikwa, lakini havimo kwenye wastani. Kuvifuta kabisa ni kosa, kuviingiza kwenye wastani pia ni kosa. Kiputo kilikuwa kinapungua mwendo kutoka 24 hadi kutulia karibu na 13, na wastani wa kitu kinachobadilika hausemi lolote kuhusu hali ya giza yenyewe. Je, kushuka huko kunatoka wapi? Stomata zinafunga taratibu, si kama swichi. Kifaa huenda kinapoa baada ya taa kuzimwa. Kijiti cha kioo kitajibu hilo. Na majani huenda yanajaza maji yaliyopungukiwa wakati wa mwanga. Hili la mwisho ndilo linalotupeleka kwenye daraja la pili.

Daraja la pili: maji yaliyoingia na maji yaliyotoka

Ukiuliza kwa nini ufyonzaji haulingani na transpiresheni, jibu la kwanza utakalopewa ni usanisinuru: mmea unatumia sehemu ya maji kutengeneza sukari. Ni kweli, lakini hebu tuipime kweli hiyo. Mmea wa kawaida hupoteza mamia ya molekuli za maji kwa kila molekuli moja ya kaboni dayoksaidi inayoingia. Tuchukue 400 kwa makadirio, na kwa hesabu ya jumla molekuli moja ya maji hutumika kwa kila kaboni dayoksaidi. Katika dakika 5 za hewa tulivu, tawi letu lilifyonza kama mm³ 33. Sehemu moja ya 400 ni mm³ 0.08, ambayo kwenye mrija ni milimita 0.1. Kiputo kilitembea milimita 42, na mchango wa usanisinuru ni mdogo kuliko unene wa mstari wa skeli. Upumuaji wa seli nao hutengeneza maji kidogo, ukielekea upande wa pili, na ukuaji wa seli mpya ndani ya saa 1 au 2 hauonekani. Vitaje kwenye ripoti, lakini usivitumie kueleza tofauti ya milimita 10. Haviwezi.

Kinachoweza ni ghala. Seli za jani huhifadhi maji, na akiba hiyo hupanda na kushuka. Feni ikiwashwa, mvuke unaongezeka mara moja, lakini mvuto unahitaji muda kusafiri kupitia jani hadi kwenye shina. Katika muda huo jani linatoa akiba yake: linapoteza zaidi ya linavyofyonza. Feni ikizimwa mambo yanageuka. Mvuke unapungua papo hapo, ila kiputo kinaendelea kutembea haraka kwa sababu seli zinajijaza. Mtu anayesoma skeli peke yake ataandika kwamba transpiresheni iliendelea kuwa juu baada ya feni kuzimwa, na atakuwa amekosea kabisa.

Unaweza kuliona hili kwa macho ukiwa na mizani inayosoma gramu 0.01. Unganisha tawi kwa mpira mfupi kwenye pipeti ya mililita 1 iliyojaa maji, ziba maungio, weka tone la mafuta juu ya maji kwenye mdomo wa pipeti yasivukize, na uweke vyote juu ya mizani kwenye stendi nyepesi. Pipeti inakuambia maji yaliyoingia. Uzito unaopungua unakuambia maji yaliyotoka. Mililita 0.01 za maji ni gramu 0.01, kwa hiyo namba zinalinganishwa bila kugeuzwa. Mizani nyepesi husumbuliwa na upepo, basi zima feni kwa sekunde chache kila unapoisoma.

Tuseme katika dakika 30 za kwanza za feni uzito unapungua gramu 0.38, na pipeti inashuka mililita 0.34. Majani yametoa gramu 0.04 kutoka ghalani. Dakika 30 baada ya kuzima, uzito unapungua gramu 0.20 huku pipeti ikishuka mililita 0.23: sehemu kubwa ya deni inalipwa. Kwa saa nzima, kilichotoka ni gramu 0.58 na kilichoingia ni 0.57, tofauti ambayo vyombo hivi haviwezi kuithibitisha. Kwa kipindi cha kwanza peke yake, tofauti ilikuwa zaidi ya sehemu 10 kwa 100.

Hapo ndipo neno "makadirio" linapopata maana yake. Ufyonzaji unakaribia transpiresheni pale akiba ya majani isipobadilika, yaani vipimo vikishatulia. Mara tu baada ya kubadilisha hali, au tawi likianza kunyauka, haukaribii. Ndiyo sababu ya zile dakika 15 za kusubiri, na ndiyo sababu ya mabano kwenye jedwali.

Kuna mpaka mwingine. Tawi lililokatwa halina mizizi, na mizizi huzuia mwendo wa maji kwa kiasi fulani. Namba za tawi zinalinganisha hali na hali kwa tawi hilo. Hazikuambii mmea mzima shambani unapoteza kiasi gani.

Kuandika matokeo

Kichwa cha safu kwenye jedwali kiwe "kasi ya ufyonzaji wa maji". Grafu iwe ya nguzo, kwa kuwa feni, mfuko na giza si namba zinazofuatana. Mstari wa kuziunganisha utadai kuna kitu kati ya feni na mfuko. Ukiwa umepima kwa umbali tofauti wa feni, hapo mstari una haki yake.

Tenganisha ulichokiona na unachokieleza. "Kiputo kilipunguza mwendo gizani" ni matokeo. "Stomata zilifunga" ni maelezo, maana hakuna aliyezitazama kwa hadubini. Hivi ndivyo aya ya tawi letu ingesomeka:

"Kasi ya ufyonzaji wa maji katika hewa tulivu yenye mwanga ilikuwa mm³ 0.055 kwa dakika kwa kila cm² ya jani (upande mmoja, wastani wa vipimo 3). Kwa feni iliongezeka mara 1.7, na ndani ya mfuko ilishuka hadi theluthi moja hivi. Kipimo cha pili cha hewa tulivu kilitofautiana na cha kwanza kwa sehemu 3 kwa 100, kwa hiyo tawi halikuwa limebadilika sana. Gizani, vipimo 2 vya mwanzo vilikuwa bado vinashuka na havikuingizwa kwenye wastani. Baada ya kutulia, kasi ilikuwa mm³ 0.017 kwa dakika kwa kila cm². Kwa kijiti cha kioo kiputo kilisogea chini ya mm 1 kwa dakika 5 katika kila hali. Kwa kuwa vipimo vilivyotumika vilikuwa vimetulia, tunachukulia ufyonzaji kuwa makadirio ya transpiresheni. Upotevu wa maji wenyewe haukupimwa."